Kosa la Tano kwenye Valves

Mwalimu wetu wa fizikia alipenda makosa kuliko majibu sahihi. Jibu sahihi alilitia alama kwa kalamu nyekundu na kulipita haraka, kama mtu anayempita jirani asiye na habari mpya. Kosa, hilo alikaa nalo. Aliligeuza, aliliuliza limetoka wapi, na ikiwa lilimpendeza sana alikwenda nalo nyumbani. Na kila mwaka, baada ya mtihani wa mwezi wa saba, alituandikia barua darasa zima, akataja makosa yaliyorudi mara nyingi na namna ya kuyakwepa.

Kwenye karatasi za serikali aliitwa Citoyen Mulonda, Chef de Travaux, nasi tulimwita CT. Mama yake kule Shabunda alimwita Léopold, lakini huo ulikuwa mwaka wa 1978, serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo na kuamuru tuitane Citoyen, yaani Mwananchi, na majina yale yalikuwa yamefungiwa nyumbani kama sahani za wageni. Mimi mwenyewe nilikuwa Citoyenne Nsimire mpaka kwenye mlango wa mama, na ndani nikarudi kuwa Clémence.

Barua ilibandikwa kwenye valves, yaani lile kabati bapa la kioo ukutani ambamo taasisi yetu ya ualimu ilitoa habari zote, nzuri na mbaya. Safari hii pembeni yake palikuwa na pointi za fizikia. Nilitafuta namba yangu kwa kidole juu ya kioo kilichojaa vumbi la kiangazi. Tisa juu ya ishirini.

Nilihitaji kumi.

Acha nieleze uzito wa pointi ile moja, maana ukiwa mbali waweza kusema nilikuwa napiga kelele bure. Nilikuwa mwaka wa mwisho. Masomo mengine yote nilikuwa nimepita. Ukianguka somo moja unarudi kwa mtihani wa pili mwezi wa tisa, na mwezi wa tisa ndipo shule zinafunguliwa. Maman Sophie, mkuu wa shule moja ya wasichana kule Kavumu, alikuwa ameniambia bila kuzunguka: "Uniletee karatasi ya première session. Kama hapana, nafasi minamupa mwengine, batoto haiwezi kungojea weye." Première session ndiyo mtihani huu wa mwezi wa saba. Mama yangu alikuwa amechoka kunilisha, na mimi nilikuwa nimechoka kulishwa.

Kwa hiyo nilisoma barua ile nikiwa na hasira. Ilikuwa kwa Kifaransa. Naiweka hapa kwa Kiswahili, ingawa ukali wake unapungua kidogo.

"Wapendwa wanafunzi," aliandika, "kosa la kwanza ni namba iliyo uchi. Mnaandika 1500 na kunyamaza. Elfu moja mia tano za nini? Kalori? Ndizi? Andikeni kipimo kwenye kila mstari, si kwenye mstari wa mwisho tu. Kipimo kikikataa, hesabu imeharibika, na mtajua mapema. Kosa la pili: kwenye kanuni ya gesi mnaingiza digrii za Celsius. Gesi yenye digrii 27 mnaiongeza hadi 54 na kusema joto limekuwa mara mbili. Ongezeni 273 kwanza, kisha ndipo mzungumze habari ya mara mbili."

La tatu lilikuwa la tarakimu. Wengi wetu tulikuwa tumegawanya mpaka karatasi ikaisha, tukaleta majibu yenye tarakimu sita baada ya mkato. "Kipimajoto chenu kina mstari mmoja kwa kila digrii," aliandika. "Anayeandika 25 anasema tu kwamba ni kati ya 24 na nusu na 25 na nusu. Jibu haliwezi kujua zaidi ya kipimo kilicholizaa. Kabla ya kuandika jibu, jiulizeni kila mara: je, ninajua kweli hiki ninachokisema?" La nne lilihusu alama ya kutoa, kwamba kitu kinachopoa tunakipa joto hasi upande mmoja na kusahau upande wa pili.

Halafu likaja la tano, nalo alikuwa amelipigia mstari.

"Swali la tano lilisema: hapa katika maabara yetu ya Bukavu, kipande cha gramu 100 kinakaa ndani ya maji yanayochemka mpaka kinapata joto la maji hayo. Kinahamishwa ndani ya gramu 300 za maji ya digrii 20. Maji yanapanda hadi 25. Tafuta kipande kinahitaji joto kiasi gani kwa gramu moja na digrii moja, kisha taja ni kitu gani, kwa kufuata jedwali. Karibu darasa zima limejibu: kioo. Nimejiuliza siku nyingi kioo kimetoka wapi. Ni kwa sababu mliandika kwamba maji yanachemka kwa digrii 100. Hapa Bukavu maji yanachemka kwa 95, na mliyaona kwa macho yenu mwezi wa tatu. Kipande ni aluminium. Mmoja wenu alilijua hilo. Aliandika 95, akapata aluminium, kisha akakata yote kwa rula na kuandika kioo. Kilichokatwa nakisoma, lakini sikipi pointi. Ningependa sana kujua kwa nini alikata."

Aliyekata kwa rula alikuwa mimi.

Gaston, mkuu wa kikundi chetu cha maabara, alikuwa nyuma yangu akinyoosha shingo. Yeye alikuwa amepata kumi na moja na furaha ilimjaa mashavuni.

"Ni nani ule mupumbavu alikata?" aliuliza.

"Ni miye. Na weye ndiye ulinikatisha."

"Miye? Nilikushika mukono?"

"Mwezi wa tatu, Gaston! Kipimajoto ilionyesha tisini na tano. Nikakuambia, nikakuonyesha. Ukasema nini?"

Alikumbuka, naona, kwa sababu aligeuka kutazama bustani. Alikuwa amesema kipimajoto kimekufa. Vyombo vyetu vilikuwa vya zamani, vingine vimefungwa kwa plasta, na tulikuwa na desturi ambayo kila kikundi kiliirithi kwa kikundi cha mwaka uliotangulia: namba ikikataa kufanana na kitabu, mkuu wa kikundi "anairekebisha" kabla ripoti haijakwenda kwa mwalimu. Tuliona ni heshima kwa mwalimu, kama kufagia kiwanja kabla mgeni hajafika. Gaston alikuwa na mwandiko mzuri na alirekebisha vizuri kuliko wote. Ripoti zetu zote za mwezi wa tatu zilisema 100.

"Lakini kitabu inasema mia," alijitetea. "Syllabus yake yeye mwenyewe inasema mia."

Hapo alikuwa amenipa silaha, maana syllabus ni maelezo ya somo ambayo CT aliyaandika yeye mwenyewe. Nilinakili barua yote kwenye daftari, mstari kwa mstari, nikaenda kumtafuta CT kabla ya kikao cha walimu cha kesho yake asubuhi, kile ambacho baada yake pointi hazibadiliki tena.

Nilimkuta maabara, amevaa abacost, ile suti yake ya kijivu isiyohitaji tai, akihesabu vikombe vya kioo kabla ya likizo. Mbele yake palikuwa na kile kipande chenyewe. Nilikijua vizuri. Alikuwa amekiagiza kwa mafundi wa Kadutu wanaoyeyusha sufuria zilizotoboka, na upande mmoja bado kilikuwa na kovu la mchanga wa kalibu.

"Citoyen CT, ni miye nilikata," nilisema, kabla woga haujanigeuza.

Aliweka kikombe chini. Hakuonekana na hasira hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyeletewa barua aliyoingojea.

"Ni weye, Citoyenne Nsimire? Kaa, kaa. Sasa uniambie. Juu ya nini ulikata?"

"Juu syllabus yako inasema mia. Ukurasa wa mambo ya kuchemka. Nimeileta."

"Usome."

Nilisoma kwa sauti: maji safi yanachemka kwa digrii 100. Alisema niendelee. Nikaendelea, na sauti yangu ikapungua yenyewe, kwa sababu sentensi ilikuwa bado haijaisha: ikiwa mgandamizo wa hewa ni milimita 760 za zebaki. Mwaka mzima nilikuwa nimeisoma sentensi ile mpaka kwenye 100 na kufunga daftari.

"Na hapa kwetu ni ngapi?" aliuliza, akionyesha ukutani kwa kidevu.

Karibu na mlango kulikuwa na baromètre ndefu ya zebaki, ya kupimia mgandamizo wa hewa. Miaka mitatu nilikuwa nimetundika koti langu la mvua kwenye msumari ulio chini yake. Nilikaribia nikasoma: 640 na kidogo. Huku juu hewa ni nyepesi, inakandamiza maji kidogo, nayo yanawahi kuchemka. Nilijua habari hiyo kwa kichwa. Sikuwahi kuiunganisha na sufuria ya mama ya maharagi ambayo inaunguza makaa mchana kutwa.

Lakini mimi ni mbishi, na nilikuwa nimeshaanza kutamani kujua kwa ajili ya kujua. "Mwezi wa tatu Gaston alisema kipimajoto imekufa, akarekebisha namba yetu. Inawezekana iko na ugonjwa kweli," nilisema. "Ikionyesha tano chini kila fasi, kwa baridi na kwa moto, utajuaje?"

Macho yake yalifunguka. "Ndiyo! Tutajuaje?"

Akanituma kwenye friji ya watu wa biolojia, nikarudi na barafu ndani ya bakuli. Tuliiponda, tukaiacha ianze kuyeyuka, tukazamisha kipimajoto. Zebaki ilishuka, ikasimama kwenye sifuri, safi kabisa, ndiyo joto la barafu inayoyeyuka hata huku juu. Kisha akawasha jiko na tukaweka chupa ya maji. Tuliinama wote wawili, vichwa vikikaribiana, mwalimu na mwanafunzi wake aliyeanguka, kama watu wanaochungulia kisima. Maji yakachemka. Zebaki ilipanda hadi 95 na kukataa kwenda mbele, hata CT alipoongeza moto.

"Haiko mugonjwa," alisema kwa upole. "Ilikuwa inakuambia ukweli tangu mwezi wa tatu. Sasa jibu swali yangu. Kwenye mutihani ulikuwa umeandika muzuri. Juu ya nini ulikata?"

Nilitafuta uongo mzuri, sikuupata.

"Niliangalia Gaston. Nikaangalia nyuma. Bote balikuwa na mia. Nikasema, miye peke yangu nitakuwa na haki namna gani?"

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kunilaumu. Alichukua kipande cha karatasi akaandika kitu, labda neno langu lile lile. Kisha akasema kwamba anasikitika, lakini kanuni ni ya wote: kilichokatwa kimekatwa. Niliona Kavumu ikifungwa kama dirisha. Machozi yalinijia na nikayakasirikia. Ili asiyaone niliinamisha uso kwenye daftari, nikajifanya nasoma barua yake.

Nikaisoma kweli. Jicho lilikuwa limetua kwenye kosa la tatu.

Anayeandika 25 anasema tu kwamba ni kati ya 24 na nusu na 25 na nusu.

"Citoyen CT," nilisema. "Na ule anaandika ishirini?"

"Hivyo hivyo. Kumi na tisa na nusu mpaka ishirini na nusu."

"Basi maji ilipanda digrii ngapi?"

"Tano." Alisimama. "Unasema nini?"

"Minasema haiko tano. Inaweza kuwa ine. Inaweza kuwa sita. Ni weye uliandika."

Nilikwenda ubaoni bila kuomba ruhusa. Hesabu ilikuwa nyepesi. Maji gramu 300 yakipanda digrii nne yanachukua kalori 1200. Yakipanda sita, kalori 1800. Kipande cha gramu 100 kilikuwa kimeshuka kutoka 95 hadi karibu 25, digrii 70. Nikagawanya. Upande wa chini nilipata karibu 0,17, na upande wa juu karibu 0,26, kalori kwa gramu na digrii, nikaandika kipimo kwenye kila mstari ili asipate pa kunishika. Kisha nikaandika pembeni vitu vya jedwali lake. Shaba 0,093, iko nje. Chuma 0,11, kiko nje. Kioo 0,20, kiko ndani. Aluminium 0,214, iko ndani.

"Hata ule aliandika tisini na tano," nilisema, "hawezi kujua kama ni kioo ao aluminium. Namba zako haziwezi kumuambia. Ungetupatia ile kitu tuishike mukononi, tungekujibu bila hesabu."

Maji yalikuwa bado yanachemka nyuma yetu. CT alikuja ubaoni, akarudia mgawanyo wa kwanza, akarudia wa pili, akajaribu kwa namna nyingine, akajaribu tena. Niliogopa. Hata mwalimu mwenye moyo mzuri, hupendi kumsimamia nyuma akiwa katika hali ile. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Nilitafuta namba zenye zitatoka sawasawa," alisema. "Nilikaa nyumbani nikazitafuta: mia, mia tatu, tano, sabini. Niliona 0,214 inatoka, nikafurahi. Aka! Nilirekebisha, Nsimire. Sawa na Gaston yenu."

Alizima jiko. Alifikiri kwa sauti, akitembea kati ya meza. Swali lile lilikuwa na pointi nne, tatu za hesabu na moja ya kutaja kitu. Anayetumia 100 amekosa kwenye hesabu, hilo halibadiliki, kwa maana baromètre iko ukutani. Lakini pointi ya kutaja kitu haikuwa na haki ya kuwepo. Kila aliyetaja kioo au aluminium ataipata, kwa sababu hakuna kati yao aliyeweza kujua.

"Basi miye niko na kumi," nilisema, na sauti ilinitoka kubwa mno.

"Uko na kumi."

Nilitaka kuruka. Badala yake, mjinga mimi, nikauliza: "Na ile jibu yangu ya kwanza? Tisini na tano?"

Alivaa miwani tena. "Ile haina kitu. Uliiua weye mwenyewe."

Nilishuka mlima wa taasisi nikiwa na furaha yenye mfupa ndani. Nilikuwa nimepita, na nilikuwa nimepita kwa kioo. Jibu nililoliona kwa macho yangu halikunisaidia kwa lolote, maana sikulisimamia. Kesho yake, kabla ya saa sita, Gaston alikuja mbio hadi nyumbani kusema amekuwa na kumi na mbili na kwamba niende kusoma valves. Chini ya barua kulikuwa na karatasi ndogo mpya, imepigwa kwa mashine. "Kosa la sita si lenu," ilisema. "Mtahini alichagua namba zinazompendeza na hakujiuliza swali aliloamuru ninyi mjiulize. Namna ya kulikwepa: asomewe barua yake mwenyewe." Na sahihi yake, kubwa, kama ya mtu anayetia sahihi kitu kizuri.

Maman Sophie aliitazama karatasi yangu mbele na nyuma, akanipa funguo za kabati la fizikia. Mwezi wa kumi, mbele ya wasichana wa mwaka wa nne, nilifanya somo nililolisubiri likizo yote. Niliwaambia habari ya hewa na uzito wake. Niliwaambia vitabu viliandikwa na watu wa pwani za mbali, na kwamba sisi tunaishi juu. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikijiona: KWETU MAJI YANACHEMKA KWA 95. Kisha nikawasha jiko na kuwaita wasome kipimajoto mmoja mmoja, na kila mmoja aandike kwenye daftari lake.

Nilizunguka kati ya madawati. 95, wameandika. 95. 95. Nilikuwa nikitabasamu. Nilipofika kwa Adèle, msichana mpole aliyekaa karibu na dirisha, nilimkuta anasugua karatasi kwa kifutio, kwa bidii, karibu kuitoboa. Chini ya kifutio namba ilikuwa bado inaonekana kidogo.

Niligeuka, nikaenda kuinamia kipimajoto mimi mwenyewe. Kavumu iko juu kuliko Bukavu. Barabara inapanda, nilikuwa nimeipanda kila wiki nikiwa nyuma ya lori, na sikuwa nimejiuliza.

"Adèle, ulikuwa umeona ngapi?"

Aliangalia ubao, akaangalia wenzake, akaniangalia mimi. Nilimjua vizuri sana, msichana yule.

"Tisini na ine, Citoyenne. Na kidogo. Lakini nilikosa."

Nilichukua kitambaa nikafuta ubao wote.

"Rudisha ile uliona," nilimwambia. "Na banyie wengine, mukuje tena kwenye jiko."